Vichwa Vitatu vya Habari za Ngano

Magazeti yalitufikia Katesh kwa lori la shamba la ngano la serikali, yakiwa yamechelewa wiki nzima. Wanafunzi wangu wa sekondari walihitaji mada ya mradi wa kuchambua habari, na wazazi wangekuja kuwasikiliza Jumamosi. Mada iliyopoa ingewafanya wasinzie.

Tuliyatandaza sakafuni. Niliwaambia waanze na vichwa vya habari tu, watafute jambo linalojirudia.

"Mwalimu, fainali ya mpira," alisema mvulana mmoja.

"Hata ng'ombe wa baba wanajua nani alishinda," mwenzake akamtania.

Msichana wa familia ya wafugaji alipanga magazeti matatu ya siku tofauti. Yote yalisifu mavuno ya ngano.

"Hili bado linaendelea, Mwalimu. Mashine za kuvuna tunazisikia hapa."

"Vizuri sana. Sasa soma ndani. Nani anazungumza?"

Alipitisha kidole kwenye mistari. "Meneja. Meneja tena. Huku ni ofisa kilimo." Kisha akainua uso. "Hakuna mfugaji aliyeulizwa ng'ombe wanapita wapi kwenda kunywa maji, sasa njia zao zimelimwa ngano."

Darasa zima lilimsogelea. Mmoja alitaka kumhoji mjomba wake, dereva wa trekta, mwingine bibi yake wa kijiji cha Gitting.

Jumamosi msichana yule aliwaamkia wazazi, akasoma vile vichwa vitatu, akaeleza ni akina nani waliozungumza na akina nani hawakuulizwa. Hakuna aliyesinzia. Kabla binti hajamaliza, baba yake alisimama akiegemea fimbo yake ya kuchungia, akaanza kujibu ng'ombe wanapita wapi.