Nusu Haikuwa Mvua

Katika miaka ile ya sitini nilikuwa karani wa mizani kwenye mabohari ya Shimanzi. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni na kitabu, kuhesabu magunia ya watu wengine. Namshukuru Mungu kwa kazi ile, kwa kuwa ilinifunza bidhaa. Kanda la tende nilikuwa nalijua kwa kulinusa tu: hili la mwaka huu, hili la mwaka jana, hili limeingia maji likakaushwa juani ili mnunuzi adanganyike.

Jirani yetu wa Kibokoni, mzee wa watu wenye asili ya Uarabuni, alikuwa ameacha duka lake baada ya miguu kumsumbua. Tulimwita Ami, sisi vijana wa mtaa sote. Alikuwa na shilingi elfu tatu, akiba ya umri wake, na nia moja: kwenda Hija kabla ya kufa. Nauli alikuwa nayo. Lakini alikuwa na binti mjane aliyerudi nyumbani kwake na watoto, na hakutaka kuondoka akawaacha hawana kitu. Alitaka zile elfu tatu zizae kidogo, apate ya safari na ya kuachia nyumba.

Alasiri moja aliniita barazani kwake. Maalim wetu, aliyenifundisha fiqhi tangu udogo, alikuwa amekaa pembeni na kikombe cha kahawa.

"Ndoo ukae," Ami akaniambia. "Watu wasema wewe wajua tende kuliko mwenye mtende."

"Watu husema mengi, Ami."

"Husema pia wewe ni mvivu wa kuamka alfajiri. Hilo nalo ni uongo?"

Maalim akacheka mpaka kahawa ikamwagika kanzuni.

Wakanieleza shauri lao. Ami atoe fedha, mimi nitoe kazi, tufanye biashara ya tende kwa mudharaba. Nikauliza faida tutagawana vipi, kisha kwa adabu nikasema, "Utakavyo wewe, Ami."

"Utakavyo si fungu," Maalim akanikatiza. "Semeni nusu, semeni thuluthi. Wala msiseme shilingi kadhaa kila mwezi, maana hamjui Mungu ataruzuku nini. Fungu lijulikane leo."

Tukakubaliana nusu kwa nusu. Nami kwa furaha nikaongeza, "Na zikipotea, Ami, nitakulipa zote."

Maalim akaweka kikombe chini. "Hilo liondoe. Ukimdhamini mali yake, basi umekopa, na kila faida atakayopata juu yake ni riba. Hasara ni ya mwenye mali. Wewe hasara yako ni jasho lako lililokwenda bure. Isipokuwa umefanya uzembe, au umevunja sharti. Hapo utalipa."

"Sharti langu ni moja," akasema Ami. "Usiuze kwa mkopo ila umeniuliza. Tende zitoke, fedha ziingie. Jina zuri la mtu halikati tiketi ya meli."

Nikakubali. Tukasoma Fatiha.

Mwaka wa kwanza Mungu alitufungulia. Nilinunua makanda yaliyoshuka bandarini, nikayaweka Shimanzi, na Ramadhani ilipokaribia nikayauza kwa wenye maduka, fedha mkononi. Tulipomaliza, elfu tatu zilikuwa zimerudi nzima na juu yake elfu mbili. Ami akachukua elfu moja yake. Akakarabati paa, akamwachia bintiye sehemu, na akanunua vitambaa viwili vyeupe vya ihramu. Alivikunja akaviweka kwenye sanduku la mvule. Mara nyingi nilipokwenda kumjulia hali alikuwa akimtuma mjukuu avilete, avishike kidogo, kisha vikarudishwa.

Mimi elfu yangu sikuila. Ami alisema, "Iache ndani. Sasa tumekuwa washirika, wewe robo, mimi robo tatu." Maalim akatueleza: faida itakayopatikana, robo yake ni yangu kwa fedha yangu, robo tatu zilizobaki ni za mali ya Ami, nazo tutazigawa nusu kwa nusu kama zamani kwa ajili ya kazi yangu. Hasara je? "Hasara haina mapatano," akasema. "Hufuata mtaji. Robo kwako, robo tatu kwake." Ami akanuia safari mwaka huo wa pili, baada ya mauzo ya Ramadhani. Kati ya Ramadhani na msimu wa Hija kulikuwa na nafasi ya kutosha.

Elfu nne zote nikanunua tende. Mvua za vuli zikaja kwa nguvu ambayo sikuwa nimeiona. Bohari lilikuwa zuri, mimi mwenyewe nililikagua, lakini bati moja lilichomoka usiku wa upepo, na maji yakaingia upande wa magharibi. Nilipofungua asubuhi nilikuta nusu ya makanda yamelowa, yamevimba kama mtu aliyezama. Baada ya siku tatu harufu ilikuwa ya siki. Tende zile zikatupwa.

Hiyo ilikuwa mvua. Hakuna aliyenilaumu, na mbele ya Mungu sijilaumu.

Ile nusu iliyosalimika ndiyo habari yenyewe. Nilikuwa na hofu nayo isije ikaoza pia. Alikuja mwenye duka mmoja, mtu aliyekuwa akisali safu ya kwanza, bega lake na langu, na mara nyingi yeye ndiye aliyeadhini. Akataka kuzichukua zote.

"Idi mosi nakuletea fedha zako, inshallah," akasema.

"Mwenye mali hataki mkopo."

"Mkopo?" Akanitazama kama niliyemtukana mzazi wake. "Tumesali pamoja leo alfajiri, na Ramadhani iko mlangoni. Waniogopa mimi?"

Niliona haya. Ndiyo sababu, sina nyingine. Niliona kumtaka fedha mkononi mtu wa safu ya kwanza ni kumwambia sala yake ni ya uongo. Nyumba ya Ami ilikuwa hatua hamsini kutoka msikitini. Ningekwenda, ningeuliza, ningerudi kabla hajavaa viatu vyake. Sikwenda; nikampa tende zote.

Siku ya Idi duka lake lilikuwa limefungwa. Siku ya tatu tukasikia amehama na watu wake, na wanaomdai ni wengi.

Nikaenda kwa Ami. Alikuwa amekaa barazani na kanzu yake mpya, anapokea mkono wa Idi. Nikamwambia habari ya mvua na bati. Akasikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza, "Tende zote?"

Nikasema, "Zote, Ami."

Katika mkataba ule neno la mtenda kazi husadikiwa, kwa kuwa yeye ni mtu wa amana. Nililijua hilo, nilisomeshwa. Nililitumia kama mwizi atumiavyo ufunguo aliokabidhiwa.

Ami akanishika goti. "Wewe umepoteza elfu yako na kazi ya mwaka. Mimi tatu zangu. Tumepoteza sote, alhamdulillahi. Usinione haya."

Nikarudi Shimanzi kwenye mizani. Meli ya mahujaji ikaondoka. Ami hakwenda bandarini kuwaaga.

Miezi ikapita. Mahujaji waliporudi, walikuja barazani kwake mmoja mmoja, kwa heshima ya umri wake, na chupa ndogo za maji ya Zamzam na tasbihi. Siku moja nilikuwepo. Mmoja akamuuliza, "Nawe Ami, twakungoja mwaka gani?"

Akatabasamu. "Mwaka huu Mungu hakuniita."

Wakaitikia wote kuwa kila kitu kwa majaaliwa. Mimi nilikuwa nikitazama vidole vya miguu yangu. Mungu alikuwa amemwita. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni.

Walipoondoka sikuondoka. Nilimwambia yote: ile nusu iliyosalimika, mtu wa safu ya kwanza, haya yangu, uongo wangu siku ya Idi.

"Ulimuuzia kwa mkopo bila kuniuliza."

"Ndiyo, Ami."

"Basi nusu haikuwa mvua." Akahesabu kwa vidole, polepole, mfanyabiashara hata katika huzuni. "Za mvua elfu mbili. Robo yako mia tano, yangu elfu moja na mia tano. Hizo zimekwenda na maji, usinipe hata senti. Nikizipokea, itakuwa ulinidhamini, na ile elfu niliyokula mwaka wa kwanza itanikaba koo kaburini. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Za mkopo elfu mbili. Mia tano ni zako, zilie mwenyewe. Elfu moja na mia tano zangu utanilipa, maana hizo umezipoteza wewe." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, zingetosha nauli."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jioni ile nilimweleza mke wangu. Akaanza kuvua bangili zake za dhahabu, moja baada ya moja, kwa sabuni, kwa kuwa mkono ulikuwa umenenepa tangu harusi. Akazipanga juu ya mkeka.

"Zilikuwa mkononi mwangu tangu Ramadhani," akasema. "Ulikuwa waniona nazo kila siku. Mbona hukuniambia?"

Asubuhi nikazipeleka kwa sonara.

Bangili zilitoa elfu moja. Mia tano nililipa kwa mshahara, na nilizimaliza mwezi wa Shaabani. Ami alizipokea mbele ya Maalim, akazihesabu, akaniambia, "Nimekusamehe ule uongo wa Idi. Wewe nawe usiubebe sana." Kisha akamuusia Maalim: ikiwa yeye hatafika, mtu aende kwa niaba yake kwa fedha hizo.

Alifunga siku tisa za Ramadhani. Siku ya kumi, baada ya alasiri, alifariki.

Bintiye alilifungua lile sanduku la mvule na kututolea vile vitambaa viwili vyeupe. Kimoja kilikuwa kimeanza kuwa na mstari wa manjano kwenye mkunjo. Nilisaidia kumkafini. Kwa mikono yangu nilivikunjua vitambaa alivyonunua kwa faida ya mwaka wa kwanza, ile faida halali, na tukamvika.

Nilimwomba Maalim niende mimi kumhijia. Akatikisa kichwa. "Wewe mwenyewe hujahiji. Asiyejihijia hawezi kumhijia mwenziwe. Hata hili hutaweza kumlipa." Akaenda yeye, aliyekuwa amekwisha kuhiji. Aliporudi alisema ameitimiza Hija kwa jina la Ami, nguzo zote, na binti akalia kwa furaha, nami nikamshukuru Mungu. Lakini najua nilichokijua: macho ya Ami hayakuiona Kaaba.

Mimi nilijaaliwa kwenda baadaye sana, na mke wangu, ambaye hakuvaa bangili tena. Sasa mimi ndiye mzee wa barazani. Watu hupita, huulizana habari za safari ya Hija, na mara kwa mara mtu husema kwamba mwaka huu Mungu hakumwita. Wengine huitikia. Mimi hutazama vidole vya miguu yangu.