Émérance na Nguvu za Maneno Marefu

Nimefundisha Kiingereza hapa Ndosho miaka kumi na minne, na mwanafunzi mbishi kuliko Émérance sijampata. Alikimbia vita Masisi, akakaa kambi ya Mugunga na watoto watatu, akibeba viazi vya watu kwenye barabara ya Sake mpaka mgongo ukawaka. Mwaka wa 2013 hema la waganga, yaani madaktari wa hospitali, pale kambini lilitafuta mkalimani. Kazi hiyo aliitaka kwa moyo wote.

Mara ya kwanza alishindwa. Daktari mgeni alimrudisharudisha arudie kila sentensi, kisha akamshukuru na kumwita mwingine. Émérance akanijia na hasira zake.

"Mwalimu, maneno nayajua yote! Shida iko wapi?"

"Sema hospital."

"HosPItal," akasema, akiikandamiza ile *pi*.

"Ndiyo hapo. Kwa Kiswahili nguvu inakaa silabi ya pili toka mwisho: kiTAbu, kitaBUni. Neno likirefuka, nguvu inahama nalo. Kiingereza hakina adabu hiyo: HOSpital, VULnerable, eMERgency. Kila neno ulijifunze na mahali pake. Silabi zingine uzimeze."

"Nakosa chakula cha kumeza, nimeze silabi?"

Hata hivyo alienda kufanya mazoezi. Wiki iliyofuata akarudi akijivuna: "INformation! REgistration!" Jamani! Karibu wanafunzi wote huanguka katika shimo hilo. Ukiwaambia nguvu haikai silabi ya pili toka mwisho, wanadhani ni ya kwanza daima. Kumbe maneno hayo mawili yanatii desturi yetu kabisa: inforMAtion, regiSTRAtion. Nilifoka, naye akafoka zaidi. Kisha akakaa kwenye kinu chake cha kutwangia sombe, mboga ya majani ya muhogo, akatwanga neno moja moja, mchi ukishuka kwa silabi nzito tu. Majirani waliuliza ana wageni wangapi.

Alipoitwa tena nilimsindikiza, nikasimama mlangoni pa hema. Mama mmoja mgonjwa alieleza shida zake kwa Kiswahili, Émérance akazipeleka kwa Kiingereza, vizuri, taratibu, bila kurudishwa hata mara moja. Halafu ghafla: "emerGENcy." Nikafumba macho. Basi, nikasema, amejimaliza.

Émérance akajikatiza mwenyewe. Akainua kidole, akamtazama daktari usoni, akasema tena: "EMergency… hapana. eMERgency." Akaendelea na habari ya mgonjwa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Daktari alicheka, akaandika jina la Émérance. "Wote wanakosea," alisema kwa Kiingereza chake cha haraka. "Mimi namtaka anayejisikia mwenyewe akikosea."

Wakati huohuo gari lilifika na watu wapya, mmoja akivuja damu mguuni. Émérance hakungoja aambiwe. Aliingia ndani na daktari, akimuuliza yule majeruhi jina lake. Hata asante hakunipa, na sijawahi kufurahi hivyo kwa kukoseshwa asante.