Pumzi Iliyobaki Likizoni

Nilikuwa mwalimu wa michezo katika sekondari ya wasichana, Shinyanga, na msichana aliyenipa wasiwasi mkubwa kuliko wote alikuwa mkimbiaji wetu bora. Wiki ya kwanza baada ya likizo ndefu, aliacha kukimbia katikati ya uwanja, akashika kifua kilichokuwa kikidunda, akakaa chini.

"Mwalimu, moyo wangu umeharibika," alisema. "Mama mdogo alianza hivi hivi, tukamzika."

Nilimpeleka zahanati siku ileile. Tabibu akampima mapigo, akasikiliza kifua, akamtazama macho na viganja. "Huyu mzima," akaniambia. "Mwache apumzike leo, kisha aanze taratibu."

Yeye hakuamini. Kesho yake darasani nikamuuliza likizo aliipitisha wapi.

"Mwadui, kwa dada yangu. Amejifungua. Nilikuwa nabeba mtoto na kupika."

"Ulikimbia?"

"Hata siku moja."

Nikamwita mwenzake wa Kishapu, ambaye kabla ya kufunga shule hakuwahi kumshinda. Huyo alikuwa amechunga ng'ombe wa baba yake, na kila asubuhi alipanda kilima mbio kuwarudisha wasiingie kwenye pamba. Sasa alikuwa anaongoza.

Nikachora ubaoni mstari wa pumzi ya mkimbiaji, unaopanda polepole muhula mzima, halafu unaoteremka likizoni. Nikawaeleza kuwa mwili hautunzi kisichotumika. Ukiacha mazoezi, baada ya wiki chache tu damu mwilini hupungua kidogo, moyo unasukuma damu pungufu kwa kila pigo, kwa hiyo lazima upige haraka zaidi kwa kazi ileile. Ndiyo maana kifua kinadunda. Nguvu za misuli hudumu zaidi. Pumzi ndiyo hutangulia kuondoka.

"Kwa hiyo mimi nimerudi nyuma, siumwi?" aliuliza.

"Umerudi nyuma. Na kilichoshuka hupanda tena."

"Na yeye?" Alimwonyesha mwenzake.

"Yeye hakuacha kabisa. Mbio chache, lakini za kumtoa jasho, zilimtunzia sehemu kubwa ya pumzi yake."

Msichana wa Kishapu akacheka. "Basi ng'ombe ndio makocha wangu."

Tulianza na kutembea na kukimbia kwa zamu. Kila jioni alijipima mapigo kwenye mkono baada ya mzunguko uleule, kwa mwendo uleule, na kila juma yalikuwa yanatulia kidogo. Siku moja alimaliza akiwa anaongea, hahemi. Akasimama mbele yangu, kidole bado kwenye mkono.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, ingawa tulikuwa tumeshaamkiana asubuhi.

"Marahaba."

"Nimemwandikia mama asije kunichukua."

Sikujua kwamba alikuwa amemwita. Nikakaa kwenye nyasi kavu, nikashusha pumzi, nikawaacha wawili hao wakimbie mzunguko mwingine bila kuwapimia muda.