Kila la Heri Kutoka kwa Kinyozi

Inatangazwa kwa heshima zote, waliokaa na wasimame, waliosimama na wavue kofia: Kinyozi wa kona, bingwa wa kutakia watu heri, aliandika ujumbe uliomfikia kila mtu mtaani isipokuwa rafiki yake aliyeandikiwa.

Rafiki mwenyewe ni Kipa. Walikua pamoja, wakavunja kioo kimoja kwa mpira mmoja wakachapwa kwa zamu. Jumamosi hiyo Kipa alikuwa anacheza fainali, na jukwaani angekaa mtu wa klabu kubwa anayetafuta golikipa. Mtoto wa Kipa alikuwa njiani na kibarua cha ghalani kilikuwa kinayumba. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake.

Asubuhi Kipa aliandika kwenye kundi la simu la wateja wa saluni: "Niombeeni, jamaa zangu." Basi. Mtu mwenye akili timamu angejibu "Tuko nyuma yako" akaendelea kunyoa. Lakini Kinyozi ana imani yake: heri fupi ni ya jirani, rafiki wa kweli hutaja jambo analolijua yeye tu. Akamwacha mteja na nusu ya ndevu, akaandika, tena palepale chini ya maneno ya Kipa:

"Ndugu yangu, leo ni leo! Usiwaze lile goti la kushoto. Najua tangu uumie huruki kushoto kabisa, lakini nani atajua? Wewe ruka kulia kwa raha zako. Simba!"

Akatuma. Akajisikia vizuri, kama mtu aliyetoa damu hospitalini.

Kidole gumba cha kwanza kuitikia kilikuwa cha Straika. Straika ni mteja mwaminifu, hunyolewa kila wiki, na siku hiyo alikuwa anaichezea timu pinzani.

"Mungu wangu," Kinyozi akasema.

"Umenikata?" akauliza mteja.

"Nimejikata mwenyewe."

Akaubonyeza ujumbe kwa kidole kilicholoa povu. Simu ikamuuliza: ufutwe kwa wote, au kwako tu? Kidole kikateleza. Ujumbe ukatoweka kwenye simu yake peke yake, na sasa hata angetaka kuufuta kwa wengine, hakuwa na cha kubonyeza. Kundi zima lilibaki nao, yeye akabaki na ukurasa msafi kama dhamiri ya mtoto mchanga.

Akampigia Kipa. Haipatikani. Kocha wao hukusanya simu zote kwenye begi kabla ya kupasha misuli, watu wasisome mambo ya kuwavuruga.

Kinyozi akatoka mbio, akacheleweshwa na foleni, akafika uwanjani akihema, aproni bado shingoni, mechi imeisha sare na mikwaju ya penalti inaanza. Akasimama nyuma ya goli, karibu kabisa na mgongo wa Kipa. Ilikuwa apige kelele tu: "Wanajua! Ruka kushoto!" Lakini Kipa angeuliza wamejuaje, na jukwaa lilikuwa limejaa wateja wenye jibu. Akafungua mdomo. Kilichotoka ni: "Kila la heri!"

Kipa akageuka, akamtabasamulia. Tabasamu lile lilimchoma kuliko tusi.

Straika akapiga. Chini, kushoto kwa Kipa. Aliyefuata, kushoto. Wa tatu hakuangalia hata mpira, aliangalia goti. Kipa aliposhtuka akajirusha kushoto, goti likakataa, akaanguka kama gunia. Mtu wa klabu kubwa akainuka. Alipoondoka, aliondoka na namba ya Straika.

Kinyozi akajificha siku kadhaa kwa kisingizio cha mafua, akipiga chafya hata akiwa peke yake. Alipofungua saluni, wa kwanza kuketi kitini alikuwa Kipa, akichechemea.

"Kaka," Kinyozi akaanza, "kuna jambo..."

"Nilirudishiwa simu, nikasoma."

"Nilitaka kukupigia kelele pale nyuma ya goli. Niliona aibu."

"Nilikuona. Mdomo ulifunguka kama wa samaki." Kipa akakitazama kioo. "Mke wangu anasema nikuchukie. Nimejaribu, lakini nani atanipunguza pembeni?"

Kinyozi hakuthubutu kucheka. Akamfunga kitambaa shingoni kwa upole wa kumfunga mgonjwa bendeji, macho hayapandi kiooni.

"Goti likipona kuna timu nyingine inafanya majaribio," Kipa akasema. "Utaniandikia nini?"

"Kila la heri."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Inamisha kichwa."