Vikuba vya Bi Radhiya na Macho ya Tanzania Nzima

Bi Radhiya, jirani yangu wa Ng'ambo, alifunga vikuba, vishada vya maua ya harusi, tangu usichana wake: yasmini, mlangilangi na rehani, kwa uzi mwembamba. Yasmini yake ilikuwa uani. Nyumba ni ya mkwewe, Hisham, naye alitaka kuing'oa yasmini ajenge vyumba vya wageni. Wakapatana: Shaaban hii, watu wanapokimbizana kuoza mabinti kabla ya Ramadhani, yakipatikana maagizo ya harusi kumi, yasmini ibaki.

Bashira, mpwa wake anayeuza mabuibui kwa simu, akampiga video akifunga maua. Kisha akalipia isambazwe mtandaoni, shilingi elfu kumi kwa siku, siku saba. Lengo akaweka kutazamwa. Walengwa, wasichana wa miaka kumi na minane hadi ishirini na nne, Tanzania nzima.

"Shangazi, washatazama elfu thelathini na moja."

"Walioagiza?"

"Bado."

"Basi wametazama kama wanavyotazama gari lililopinduka."

Bashira aliomba macho, akapewa macho, mengi ya Mwanza na Mbeya, na wengi waliondoka hata sekunde ya tatu haijafika. Kubwa zaidi, kwetu mwari haagizi kikuba. Huagiza somo wake, yaani kungwi anayemfunda, au shangazi, mwanamke wa makamo. Bashira kazaliwa humu humu, na hakulijua hilo. Nani angemfundisha? Tumekaa kimya miaka mingi.

"Mwari anatoka kujinunulia maua?" Bi Radhiya akamuuliza. "Na kitanda ajitandikie mwenyewe?"

Mara ya pili wakakaa pamoja. Unguja peke yake, wanawake wa arubaini hadi sitini na mitano, na lengo likawa kupokea ujumbe. Fedha na siku hawakuzigusa, wapate kulinganisha.

Safari hii video iliwafikia wanawake elfu sita tu, kila mmoja akiiona kiasi cha mara nne. Ujumbe ukaja kumi na tisa, wote wa hapa hapa. Bashira akausoma kwa sauti. Mmoja aliuliza kama yapo maua ya plastiki. Mwengine alitaka yakae wiki nzima kwenye friji. Wengi walisema mashaallah, yanamkumbusha marehemu mama. Walioagiza walikuwa wawili.

"Tuongeze siku, Shangazi?"

"Wenye kufaa washaniona mara nne, mwanangu. Ya tano ntakuwa nawasumbua."

Jioni Bi Radhiya alinambia, "Afadhali ile ya kwanza. Ilikosewa, nkawa na cha kulaumu. Hii imefika kwa wenyewe, na wenyewe hawataki."

Harusi ya binti yangu mwenyewe tulipamba kwa maua ya dukani.

Jumatatu ya mwisho ya Shaaban, harusi zikiwa mbili tu, Makungu, kibarua wa Hisham, akaja na panga kuikata yasmini. Bi Radhiya alikuwa bado anachuma maua ya agizo la pili. Akaomba asubiriwe. Hisham akampa mpaka adhuhuri.