Dakika Kumi na Nne za Mama

Dada yangu anahariri filamu, na kazini wanamwita Mkasi. Miaka ishirini amekata harusi za watu na matangazo ya sabuni, na hakuna harusi ambayo hakumwondoa mjomba mlevi bila mtu kushtuka. Filamu ya safari hii ilikuwa yake mwenyewe: wanawake wa chumba cha kufulia cha hospitali, alikofanya kazi mama yetu, na walivyopambana kisifungwe. Alipiga picha miaka minne. Mwaka wa tatu mama akafariki.

Kituo cha televisheni kilimpa wiki mbili alete filamu inayoeleweka, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Akaamua kuionyesha kwa watu ikiwa bado mbichi, haina muziki, rangi hazijasawazishwa, saa inatembea kwenye kona ya picha, ili ajue wanachoka wapi na wanapotea wapi. Mimi mdogo wake nikapewa ukumbi wa chuo cha ufundi na kazi ya kukaribisha wageni. Masharti yake yalikuwa machache. Asije ndugu wala jirani, fomu zijazwe kabla watu hawajaanza kuzungumza, na nisieleze chochote zaidi ya kwamba sauti na rangi bado.

Mdomo wangu nao, jamani! Niliziba madirisha kwa mapazia meusi, nikapanga viti thelathini, nikajaribu projekta mara mbili. Halafu nikasimama mbele ya watu wasiotujua, nikaona uchungu mama atazamwe kama mtu baki. Nikawaambia yule mnene mwenye kitambaa cha kijani ni mama yetu, na ametutoka. Dada alikuwa amekaa nyuma na daftari lake, hata kichwa hakuinua.

Fomu zikarudi zimejaa pole. Ulichoka wapi? Sikuchoka, poleni sana. Ungeondoa nini? Msiondoe kitu, Mungu awape nguvu. Fomu thelathini, na hakuna hata moja ya kumsaidia mtu. Dada akanitolea uvivu palepale, mlinzi wa ukumbi akisikia.

"Umewanyima watu ruhusa ya kuchoka," akasema. "Sasa nani ataniambia ukweli?"

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Zikiwa zimebaki siku tano tukarudia, na wageni wengine kabisa: wanafunzi wa useremala, makarani wa posta, jumla ishirini na wanne. Nikasema ya sauti na rangi, nikafyata mdomo, nikaketi.

Nusu saa ya kwanza walitulia tuli. Walikuwa wakimfuata msimamizi wa wafuaji, mwanamke mwenye sauti nene, aliyekuwa njiani kwenda kumkabili mkurugenzi wa hospitali. Kisha likaja fungu la mama, dakika kumi na nne anakunja mashuka na kusimulia alivyotulea. Viti vikaanza kulia. Simu zikawaka huku na huku. Mmoja akatoka na hakurudi. Dada akaandika saa ya kila kitu, na mimi nikawachukia wote, mmoja mmoja.

Kumi na tisa walitaja dakika zilezile. Fomu zilipokusanywa nikawauliza, kama nilivyoagizwa, hapo katikati walitaka kujua nini. Walitaka kujua mkurugenzi alimjibu nini msimamizi. Seremala mmoja mpole, amekunja mikono mapajani, akanyoosha kidole.

"Mnisamehe, huyu mama wa mashuka ni nani? Tangu aingie, filamu imesimama. Mtoeni tu."

Dada akaandika, akamshukuru.

Nyumbani niligombana naye. Nilisema wale wanajua nini, abakize hata nusu. Alikuwa ameshajaribu dakika nne, kisha mbili, na bado hadithi ilikatika palepale, maana mama aliugua kabla mapambano hayajaanza na hakukuwa na picha yake hata moja akiwa kwenye mapambano hayo. Picha nyingine ingepigwa wapi? Akamtoa. Nilisimama mlangoni nikimwangalia akifanya hivyo.

Kituo kiliipokea, kikasifu inavyokwenda bila kukwama. Ilirushwa Jumamosi mchana, nyumba imejaa ndugu. Mama yumo kwa sekunde sita, mgongo tu, anasukuma toroli nyuma ya msimamizi. Wengi hawakumwona. Filamu ilipokwisha shangazi akauliza, kwa nia njema kabisa, mama yenu mmemweka wapi. Dada akainuka akaenda jikoni.

Nilimkuta mezani na zile fomu thelathini za mwanzo, ambazo mwenyewe aliniambia nizitupe. Alikuwa anazisoma polepole, anageuza moja baada ya nyingine.

"Hawa ndio waliomwona," akasema. "Thelathini tu. Basi."

Nikavuta kiti, nikachukua iliyokuwa juu. Palipoulizwa ungeondoa nini, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: mwacheni mama amalize kukunja.