Saa ya Chakula ya Agustina

Agustina alizaliwa Itiryo, akaolewa Robanda, na kwa miaka mingi amekuwa akifua mashuka katika kambi moja ya watalii iliyo jirani na kijiji. Analipwa kwa saa. Huingia saa moja asubuhi, hutoka saa kumi jioni.

Msimamizi mpya, Sadock, alipofika, alitangaza kwamba mapumziko yote yatakatwa kwenye malipo: robo saa ya chai asubuhi, robo saa ya chai alasiri, na saa nzima ya chakula. Mwisho wa mwezi Agustina akaona amelipwa saa saba na nusu kwa kila siku. Hakunung'unika pembeni. Alikwenda ofisini mchana ule ule, redio ya upepo, ile ya kuitiwa kazini, ikiwa kiunoni.

"Bosi, mkataba unasema chai iko ndani ya saa za kazi."

Sadock akaufungua, akasoma polepole. "Ni kweli. Hapo nimekosea, nitarudisha. Lakini saa ya chakula hailipwi. Hiyo ni yako."

Kabla Agustina hajajibu, redio ikaita: mgeni wa hema la tatu anataka taulo. Agustina akainuka.

"Unaenda wapi? Si muda wako wa kula?"

"Ndiyo huu. Ila nimeambiwa nisiizime."

Aliporudi alimkuta Sadock ameshika kichwa. Naye aliwahi kufanya kazi jikoni, akila amesimama. "Kumbe hupumziki," alisema. "Sheria iko wazi. Mapumziko ya chakula hayalipwi pale mtu anapoachwa huru. Ukitakiwa kufanya kazi, au kukaa tayari kuitwa, lazima tukulipe. Hizo saa za mwezi huu nitazilipa pia. Kuanzia kesho, chagua. Ukibaki na redio, unalipwa saa tisa. Ukiiacha, nane."

Usiku ule mumewe, Waisiko, hakuelewa kwa nini anasita. "Saa tisa ni saa tisa, mama Robi."

Lakini Agustina alikuwa akimfikiria mama mkwe wake, anayelinda mahindi dhidi ya nyani tangu alfajiri, peke yake, na magoti yake mabovu. Shamba liko karibu na geti la kambi. Kwa miaka yote hiyo Agustina hajawahi kumpokea zamu hata siku moja.

Asubuhi alimkabidhi redio mwenzake Tabitha, aliyeitaka kwa sababu ya ada za watoto.

Mchana alitoka getini na bakuli la ugali na dagaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefukuzwa kazi?"

"Hapana. Nimekuja ulale kidogo."

Mama mkwe akajinyoosha kivulini. Agustina akaketi, akala taratibu, macho yakiwa kwenye mahindi.